Usiweke kisahihishi mbele ya boti, utalia

"Wakuu, nina boti ya wasapu ya duka langu la nguo. Wateja wanaandika cjui, xaxa, 2po, mzgo. Nataka niweke kisahihishi cha tahajia kirekebishe meseji kabla boti haijaisoma, orodha ya maneno nimeitoa kwenye habari za magazeti. Na sheng ya wateja wa Nairobi naifanyaje? Seva ipi nafuu?"

Usifanye hivyo. Futa huo mpango leo leo, salamu tutapeana baadaye.

Mimi niliiweka hivyo hivyo, tena na orodha ya magazeti kama yako, kwa sababu kuna jamaa wa semina alitushikia maiki akasema "safisha data kwanza, mengine yatafuata". Yaliyofuata ni hela yangu. Yeye naona bado anafundisha na kiingilio kimepanda.

Iko hivi. Mteja wa Mbagala kaandika "cjapokea mzgo". Wewe na mimi tunajua ni sijapokea. Kisahihishi hakijui kitu, kinachojua ni kuhesabu herufi ngapi zibadilishwe ili lipatikane neno lililoko kwenye orodha. Kutoka cjapokea kwenda sijapokea ni hatua mbili, unabadili c iwe s halafu unaongeza i. Sasa hesabu kwenda "akapokea": c iwe a, j iwe k. Mbili vile vile! "Anapokea" mbili, "atapokea" mbili. Zikilingana hatua, kinachagua neno linaloonekana sana kwenye orodha, na gazeti muda wote ni fulani akapokea, fulani anapokea, nani kwenye habari anaandika sijapokea? Basi boti yangu ikasoma "akapokea mzigo", ikaona kitenzi kupokea, hakuna kukanusha, ikafunga oda na kuruhusu bodaboda alipwe. Mteja anarudia CJAPOKEAAA kwa herufi kubwa, boti inamjibu asante kwa kununua kwetu 😂 nacheka sasa hivi ila siku ile sikucheka.

Na wanaomeza h ndio balaa zaidi. "Ajapokea" akimaanisha hajapokea: kurudisha h ni hatua moja, kuigeuza anapokea pia ni hatua moja. Yule wa semina alikuwa anatuonyesha mifano ya Kiingereza, kule "not" mara nyingi inakaa peke yake, ukikosea kurekebisha kitenzi yenyewe haiguswi. Kwetu kukanusha kumejificha pale mwanzoni mwa kitenzi, herufi moja au mbili, na ndiyo hizo hizo watu wanazofupisha.

Kwa hiyo sheria ni moja mkuu: mwanzo wa kitenzi usiguswe na mashine ya kukisia. Meseji ya mteja ihifadhi kama ilivyo. Unachoruhusiwa kufungua ni kifupi chenye uhakika, kwa mfano Kiswahili sanifu hakina c isiyofuatwa na h, kwa hiyo c ya mwanzo isiyo na h karibu kila mara ni "si", iwe cjui au cku (hata hiyo inatoka "siku", safi):

```python
if re.match(r"c(?!h)", neno) and neno not in KIGENI:
    neno = "si" + neno[1:]
```

KIGENI ni orodha yako ya cash, cancel, code na wenzao. Ila angalia "chitaji", hiyo ni sihitaji imevaa sura ya ch, kodi hii inaipita kimya. Zile andika kwa mkono ukizikuta kwenye meseji za wateja wako, usitafute ujanja. Mzgo na xaxa nazo orodha ya mkono inatosha, sio nyingi kama unavyodhani, watu wanarudia vifupi vile vile.

Boti yenyewe ifundishe kwa meseji chafu kama zilivyo, igawe maneno vipande vya herufi badala ya neno zima. Kwenye scikit-learn ni `analyzer="char_wb", ngram_range=(2,5)`, hapo mzgo na mzigo zinashea vipande bila wewe kusahihisha chochote.

Na kwenye oda au hela, kama neno limefunguliwa au halieleweki, boti isiamue. Iulize: "Mzigo umekufikia? Jibu NDIYO au HAPANA". Mteja atakuona msumbufu kidogo, vumilia. Tena usimwambie ajibu 1 au 2, maana kuna wa "2me2ma" na "wa2", boti itaokota hiyo 2 iseme ni jibu. Niulize nimejuaje.

Kama bado hunielewi, kabla hujawasha pitisha haya manne kwenye hicho kisahihishi chako: cjapokea, ajapokea, chitaji, 2me2ma. Bandika hapa kilichotoka.