Programu imesakinika, leseni imegoma: majibu kwa wasomaji

Nimesakinisha programu ya uchoraji wa kihandisi kwenye kompyuta ya kazini. Kila nikiifungua inasema haiwezi kuifikia seva ya leseni. Nimeiondoa na kuisakinisha upya mara tatu na bado ni yale yale. Je, faili la kusakinisha ni bovu?

Hapana, na tafadhali usifanye mara ya nne. Programu iliyofunguka hadi ikakuonyesha dirisha la leseni imekwisha kukupa ushahidi kwamba usakinishaji ulikwenda vizuri: faili zake zipo, zinasomeka, na ile sehemu inayoomba leseni inafanya kazi. Inacholalamikia kiko nje ya kompyuta yako.

Usakinishaji ulioharibika una dalili zake. Hukatika njiani na kufuta kila kilichokwisha kuwekwa, mara nyingi kwa namba 1603 kwenye Windows. Au humalizika, lakini ukibofya programu haifunguki kabisa, au inalia kwamba faili fulani la `.dll` halipo. Ukitaka uhakika, fungua Event Viewer, nenda Windows Logs kisha Application, utafute chanzo kinachoitwa MsiInstaller. Tukio namba 11707 linamaanisha usakinishaji ulifanikiwa, na 11708 linamaanisha ulishindwa. Si kila programu hutumia kisakinishi hicho cha Windows, kwa hiyo usipoona tukio lolote usihukumu upesi. Ukiona 11707, funga mjadala wa usakinishaji.

Kwa nini basi kuondoa na kurudisha hakukusaidia? Programu nyingi za kihandisi hukodi leseni kupitia mfumo wa FlexNet, na anwani ya seva haikai ndani ya folda ya programu. Hukaa kwenye vigezo vya mazingira vya Windows, au kwenye rejista, na vyote viwili kwa kawaida hubaki pale hata programu ikiondolewa. Angalia hivi kwenye Command Prompt, si PowerShell:

```
set | findstr /i LICENSE_FILE
reg query "HKLM\SOFTWARE\FLEXlm License Manager"
reg query "HKCU\SOFTWARE\FLEXlm License Manager"
```

Utakachotafuta ni kitu chenye sura ya `27000@leseni01`, yaani namba ya poti, kisha jina la seva. Ukikuta jina la seva iliyokwisha kustaafu, umempata mchawi. Mimi niliwahi kumaliza siku nzima nikisakinisha upya programu kwenye kompyuta za chumba kizima, kumbe zote zilikuwa zinabisha hodi kwenye seva iliyozimwa wiki moja kabla. Jina la zamani lilikuwa limetulia kwenye rejista, likinitazama tu.

Seva inajibu ping vizuri kabisa, lakini programu inasema "Cannot connect to license server system" na namba -15. Ilikuwa inafanya kazi mpaka Ijumaa. Jumatatu, baada ya seva kuwashwa upya, imegoma kwa watu wote. Mtu wa mtandao anasema kwake hakuna tatizo.

Swali hili nimelipenda, na nitalikalia kidogo.

Ping inathibitisha jambo moja tu, kwamba mashine ile iko hai na njia ya kuifikia ipo. Haisemi lolote kuhusu poti. Ni kama kuona taa inawaka ndani ya nyumba: mwenyewe yupo, lakini hujui kama mlango umefungwa kwa komeo.

Sasa, kwenye FlexNet milango ni miwili, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Programu yako kwanza hubisha kwa mpokeaji anayeitwa `lmgrd`, ambaye kwa kawaida husikiliza kwenye poti kati ya 27000 na 27009. Yeye hagawi leseni. Kazi yake ni kukuelekeza kwa mhudumu wa pili, yule wa kampuni iliyotengeneza programu, ambaye ndiye mwenye leseni mkononi. Mhudumu huyo asipopangiwa poti maalumu, hupewa yoyote iliyo wazi kila anapoanza kazi.

Unaona sasa kilichotokea. Mpaka Ijumaa mhudumu alikuwa kwenye poti ambayo ukuta wa moto uliiruhusu, labda kwa sababu mtu aliwahi kuiona siku moja akaifungua. Seva ilipowashwa upya alipewa poti nyingine, na hiyo haikuruhusiwa. Mtu wa mtandao akipima 27000 anaikuta wazi, na anasema kweli. Wewe ukijaribu programu inagoma, na wewe pia unasema kweli.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Kwenye kompyuta ya mtumiaji, kwa PowerShell:

```
Test-NetConnection leseni01 -Port 27000
lmutil lmstat -a -c 27000@leseni01
```

Amri ya kwanza ikimalizika na `TcpTestSucceeded : True`, mlango wa kwanza uko wazi. Kwenye majibu ya amri ya pili soma sehemu mbili. Ukiona seva imeandikwa UP, halafu chini yake, kwenye hali ya mhudumu wa kampuni, kunatokea tena kosa la kuunganisha, basi ni mlango wa pili. Sasa nenda kaendeshe amri ile ile ukiwa kwenye seva yenyewe. Ikisema UP kote kuwili, leseni ni nzima, mhudumu ni mzima, na kilichobaki kati yenu ni ukuta wa moto. Lakini kama hata pale kwenye seva mhudumu hayuko UP, usimsumbue mtu wa mtandao. Soma logi ya seva, kwa maana mhudumu mwenyewe hakuamka.

Logi hiyo hiyo hutaja poti aliyopewa mhudumu, kwenye mstari wenye maneno `using TCP-port`. Ipime kutoka kwa mtumiaji kwa Test-NetConnection kama ulivyopima ya kwanza, na jibu likiwa False huna haja ya ushahidi mwingine.

Dawa yake ni kumfunga mhudumu kwenye poti moja isiyobadilika. Fungua faili la leseni lililoko kwenye seva, kisha ongeza poti mwishoni mwa mstari wa VENDOR:

```
SERVER leseni01 001122aabbcc 27000
VENDOR mfano port=27001
```

Jina la seva na poti unaruhusiwa kuzibadili bila kuharibu sahihi ya leseni. Ile namba ndefu ya utambulisho wa mashine usiiguse hata kidogo, kwa sababu leseni imefungwa kwayo. Hifadhi faili, simamisha huduma ya leseni na uianzishe tena, kwa kuwa kusoma upya faili peke yake hakumhamishi mhudumu kutoka poti aliyokwisha kukalia. Kisha umwombe mtu wa mtandao afungue zote mbili, 27000 na 27001. Kwenye Linux, ukisimamisha na kuanzisha haraka haraka, poti ya zamani inaweza kubaki imeshikiliwa kwa dakika chache na mhudumu akashindwa kuamka. Subiri kidogo, ujaribu tena.

Jambo la mwisho hapa: ujumbe wa kosa hubeba mara nyingi namba ya pili inayotoka Windows. 10061 maana yake mashine ilifikiwa lakini ikakataa, na mara nyingi hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, hivyo huduma imezimika au poti imekosewa. 10060 maana yake ulibisha, ukasubiri, hakuna aliyejibu, na hiyo ndiyo tabia ya ukuta wa moto unaozitupa pakiti kimya kimya. Namba hizo mbili zimeniokolea saa nyingi kuliko simu zote nilizowahi kupiga kwa huduma kwa wateja.

Ofisini programu inafanya kazi. Nikiwa nyumbani na VPN imeunganishwa, inasema -96, seva haipatikani. Nisakinishe toleo jingine?

Toleo halihusiki. Kompyuta ni ile ile na programu ni ile ile, kilichobadilika ni mahali ulipokaa.

Namba -96 mara nyingi huja pale jina la seva lisipoweza kutafsiriwa kuwa anwani. Ofisini jina fupi kama `leseni01` hutosha, kwa sababu mtandao wa ofisi huliongezea mkia wa kikoa wenyewe. Kupitia VPN mkia huo unaweza usiongezwe. Jaribu `nslookup leseni01`, kisha jina kamili lenye kikoa. Likipatikana lile kamili peke yake, liandike hilo kwenye mpangilio wa leseni. Yakipatikana yote mawili, rudi kwenye jibu lililotangulia upime poti, kwani VPN nyingi hufunguliwa kwa barua pepe na mafaili tu, na hakuna aliyekumbuka leseni.

Kwangu ni Windows yenyewe. Imesakinika, inafanya kazi, lakini haikubali kuamilishwa: 0xC004F074.

Namba hiyo inasema hakuna seva ya KMS iliyoweza kufikiwa, yaani ile inayoamilisha Windows za taasisi. Seva hii ina mlango mmoja tu, 1688, na kompyuta huitafuta kupitia DNS:

```
nslookup -type=srv _vlmcs._tcp
Test-NetConnection jina-la-seva -Port 1688
slmgr /ato
```

Amri ya kwanza isipotaja seva yoyote, tatizo ni DNS, au uko nje ya mtandao wa taasisi. Ikitaja seva na ya pili ikashindwa, ni ukuta wa moto. Zote zikipita na `slmgr /ato` bado inagoma, tazama saa ya kompyuta. Ikipishana na ya seva kwa zaidi ya saa 4, ombi hukataliwa, na watu hulaumu mtandao bure.

Usiwe na wasiwasi wa kupoteza kazi leo hii. Uamilisho wa KMS hudumu siku 180, na kompyuta ambayo haijaamilishwa hujaribu tena yenyewe kila baada ya saa 2. Kama ni kompyuta ya mkononi iliyokaa nje ya ofisi miezi saba, iunganishe na mtandao wa taasisi kisha uendeshe amri ya mwisho.

Mimi napata -4. Nimeomba wafungue poti na wamefungua zote, bado.

Waambie wazifunge. Namba -4 ni jibu la seva, kwa hiyo umekwisha kuifikia. Inasema leseni zote zimeshikwa na watu wengine. Endesha `lmutil lmstat -a -c 27000@leseni01` uone majina ya waliozishika, na usishangae kumkuta aliyeacha programu wazi akaenda likizo.