Mafuta ya sambusa yamefurika na kushika moto: yajazwe kiasi gani, na yakiwaka nifanyeje?

*"Jamani naombeni msaada. Juzi nilikuwa nakaanga sambusa za futari, nimezitoa friza nikazitumbukiza, mafuta yakapanda mpaka yakamwagika kwenye jiko, moto ukashika karai zima. Nilikimbia nje, jirani ndiye aliyekuja kufunika. Sasa naogopa hata kuwasha jiko. Mafuta yawe kiasi gani? Na yakiwaka tena nifanye nini? Kuna wanaoniambia nimwagie maji ya chumvi."*

Pole sana dada, na mshukuru huyo jirani. Mimi nakaanga sambusa na kaimati za oda kila Ramadhani, na yaliyokukuta wewe yalinikuta na mimi miaka ya mwanzo, jikoni kwa mama mkwe, saa kumi na moja jioni, watu wanasubiri adhana. Tofauti ni kwamba kwetu aliyefika kwanza hakuwa na mfuniko mkononi, alikuwa na jagi la maji. Nitakueleza ilivyokuwa.

Karai letu lilikuwa la lita tatu likijazwa mpaka ukingoni. Nilitia lita mbili za mafuta, nikajiona nimebakiza nafasi ya kutosha. Hesabu ifanye mwenyewe: sambusa moja ya nyama ina kama gramu 50. Ukizitia kumi na mbili kwa mkupuo, hizo ni gramu 600, na zikishaingia zinayasukuma mafuta juu kwa kiasi kinachozidi nusu lita. Hapo lita mbili zimeshakuwa mbili na nusu na ushee, na bado povu halijaanza. Sambusa zimetoka friza, zina chembe za barafu kwenye manda. Barafu ile ikikutana na mafuta ya nyuzi 180 inageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kijiko kimoja cha barafu kinatosha kuyainua mafuta yote kuwa povu. Ndicho ulichokiona kwako: mafuta hayakuchemka kama maji yanavyochemka, yalisukumwa na mvuke ulioko chini yake.

Kwa hiyo kipimo changu tangu siku ile ni nusu ya kimo cha karai, basi. Usiangalie chupa, angalia karai. Karai ni la duara, chini limebana na juu limepanuka, kwa hiyo nusu ya kimo ni kama theluthi moja tu ya ujazo wake. Karai la lita tatu linachukua lita moja hivi. Macho yatakudanganya kuwa mafuta ni machache, lakini sambusa inaelea vizuri tu. Kwa sufuria iliyonyooka kuta, usivuke nusu, na kama unakaanga vitu vya majimaji kama chipsi au samaki, theluthi ya kimo inatosha. Halafu tia sambusa nne au tano, subiri povu lishuke, ndipo uongeze. Ukiona povu limepanda hadi vidole viwili chini ya ukingo, usitie hata moja. Zima moto, acha lishuke lenyewe.

Mafuta yaliyokwishatumika mara nyingi nayo yana tabia ya kutoa povu laini kama la sabuni, lisiloisha hata chakula kikiwa kimekauka. Hayo kwangu yameshakwisha kazi. Yanatoa moshi mapema kuliko mapya na yanafurika upesi.

Kuhusu barafu, watu wengi watakushauri uziyeyushe sambusa kwanza. Mimi siyeyushi. Sambusa iliyoyeyuka manda yake inalowa, inapasuka ndani ya mafuta, na majimaji ya nyama yote yanamwagika humo. Nazitoa friza chache chache, nazikung'uta, nafuta barafu ya juu kwa kitambaa kikavu, kisha nazitia moja moja kwa kijiko cha matundu, nikizitelezesha pembeni ya karai upande ulio mbali na mimi. Samaki ni kinyume chake: yeyusha kabisa, mkaushe nje na ndani ya tumbo, na ukikuta mayai yake yatoe ukakaange pembeni kwa mafuta kidogo. Yale yanalipuka kama bisi. Viazi vya chipsi ukishavisuuza, vitandaze kwenye taulo kavu mpaka visiache alama ya maji.

Maji yanaingia kwa njia nyingine ambazo hatuzihesabu. Karai limeoshwa, limebaki na tone chini, unamimina mafuta juu yake. Ukipasha linaanza kutatarika. Liweke kwanza jikoni tupu mpaka likauke, ndipo utie mafuta. Au unakaanga umefunika ili yasikurukie. Mvuke unajikusanya kwenye mfuniko, ukiuinua matone yote yanarudi ndani. Usifunike wakati wa kukaanga. Mfuniko kaa nao karibu, mkavu, kwa kazi nyingine nitakayoieleza.

Sasa turudi jikoni kwa mama mkwe. Mafuta yalipomwagika yalikutana na moto wa gesi, ukapanda pembeni ya karai na kuingia ndani. Wifi yangu alichota jagi akamwaga. Hakumwaga hata lita nzima. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hayakukaa juu kuzima chochote. Yalizama chini, yakageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke ukayarusha mafuta hewani matone madogo madogo, kila tone linawaka. Tuliona mpira wa moto umegonga dari. Pazia la dirisha liliondoka na nyusi zake zikaondoka. Alhamdulillah, uso ulipona kwa kuwa alishapiga hatua nyuma kwa mshtuko. Sasa hayo maji ya chumvi unayoambiwa ni maji tu. Unga wa ngano nao usiutupe, unashika moto hewani.

Utaratibu ni huu, na ufuate kwa mpangilio. Kwanza zima gesi, kama swichi ya jiko unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto. Ukishindwa, zima kwenye regulata ya mtungi. Pili funika. Shika mfuniko kama ngao mbele yako, uanzie ukingo ulio karibu nawe kisha uusukume kwenda mbele mpaka karai lizibe. Usiudondoshe kutoka juu, utarusha mafuta. Mfuniko uwe wa chuma au aluminiamu. Wa kioo unaweza kupasuka, na wa plastiki hata usiutaje. Tatu, acha. Usilibebe karai kulipeleka nje, hata moto ukiwa mdogo. Wengi huungulia mlangoni, mafuta yakiwamwagikia miguuni.

Hapo pa kuacha ndipo nilipokosea mimi. Baada ya wifi kutolewa, shemeji alileta sinia akafunika, moto ukafa. Baada ya dakika kama tano nikafunua nichungulie. Ukawaka tena usoni mwangu. Mafuta ya kula yakifika nyuzi 350 na kuzidi yanajiwasha yenyewe bila kiberiti. Mfuniko ulikuwa umeyanyima hewa tu, joto lilikuwa bado limo. Subiri zaidi ya saa nzima, mpaka ubavu wa karai unashikika kwa mkono mtupu. Futari hiyo haipo tena, kubali.

Jambo moja lijaribu leo kabla hujakaanga tena: chukua sinia unalolitegemea, lifunike kwenye karai lako likiwa baridi. Makarai mengi masikio yake yamesimama juu ya ukingo, kwa hiyo sinia bapa linakaa juu ya masikio na kuacha mwanya mkubwa wa kupitisha hewa. Langu lilikuwa hivyo. Nilizunguka sokoni na karai langu mpaka nikapata mfuniko wa sufuria unaoingia katikati ya masikio na kuketi kwenye ukingo. Muuzaji alidhani nina wazimu.

Utasikia pia habari ya kitambaa au gunia bichi. Likikamuliwa vizuri na mtu asiyetetemeka linaweza kuzima, ila nani hatetemeki? Kitambaa kinachochuruzika kinarudisha yale yale ya jagi. Blanketi maalumu la kuzimia moto ukilipata ni zuri. Mtungi mdogo wa poda ulionao kwenye gari unaweza kuua mwali, lakini ukiupuliza kwa karibu unayarusha mafuta, na poda haipoozi, kwa hiyo bado utafunika. Na kama moto umeshafika kabatini au darini, usishindane nao: toa watu, funga mlango, piga 114 kama uko Tanzania.

Hujasema unatumia jiko gani, lakini kama ni ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko limekaa juu yake, usikaangie hapo mafuta mengi. Karai linapepesuka, na yakifurika yanatiririka juu ya mtungi wenyewe, na pa kuzimia gesi papo hapo chini ya moto. Mandazi mawili matatu kwenye kikaango chenye mafuta ya kina kifupi, sawa. Sambusa za nyumba nzima, tumia jiko la plati mbili lililo mezani, mtungi ukiwa mbali kwa urefu wa mpira. Jiko la mkaa nalo halina swichi. Mafuta yakiwaka unachoweza ni kufunika na kurudi nyuma. Kwa hilo punguza mafuta zaidi na ukaangie nje, mbali na ukuta na kamba ya nguo.

Moto wa kwako ulianza kwa kufurika, lakini kuna unaoanza kwa kusahau. Sambusa inataka nyuzi 170 mpaka 180. Huna kipimajoto? Dondosha kipande cha manda: kikizama kidogo kisha kikapanda na mapovu, tayari, kikigeuka kahawia hapo hapo, yamezidi. Moshi mwembamba wa kibuluu unaowasha macho ni dalili kuwa yako njiani kuelekea kuwaka, zima. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani hutoa moshi karibu na nyuzi 230, lakini ya alizeti ya kukamua yasiyosafishwa hutoa moshi mapema mno, hata nyuzi 110 hazifiki. Ni matamu kwenye mchicha. Kwa sambusa siyatumii.

Wifi mkono wake uliungua kidogo, na mama mkwe akaja mbio na dawa ya meno. Tulimzuia tukamweka chini ya bomba la maji ya kawaida dakika 20 kamili tukiangalia saa, tukamvua pete na bangili kabla vidole havijavimba, kisha tukaenda zahanati. Hapo ndipo maji yale ya jagi yalipokuwa na kazi.