Kabla ya Kulipia Kikoa cha Shule: Mambo ya Kukagua kwa Mwalimu Mpya wa TEHAMA

Kila mwaka, shule zinapoanza kutuma fomu za kujiunga kidato cha kwanza, walimu wapya wa TEHAMA hapa Mwanza hunipigia simu kwa shida ile ile: ankara imelipwa, risiti ipo, na tovuti ya shule haifunguki. Nawapenda walimu hawa na najua wanabeba maabara, ratiba na printa ya ofisi kwa wakati mmoja, lakini nasikitika kuona kosa moja likihama kutoka Nyegezi kwenda Buswelu, na kutoka Buswelu kuvuka kwenda Sengerema, ilhali ukaguzi wa saa moja kabla ya malipo ungelizuia. Nachukulia kwamba paneli ya hosti unaijua na `dig` umewahi kuitumia. Katika amri zilizo hapa chini, weka jina la shule yako mahali pa `mfano.sc.tz`.

1. Hakikisha unamlipa msajili, si mwenye hosti tu.

Usajili wa kikoa na hosti ya tovuti ni huduma mbili, zina tarehe mbili za kuisha, na mara nyingi zina kampuni mbili. Ankara inayomfikia mhasibu wa shule kwa kawaida ni ya hosti, kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo yenye mtu wa kufuatilia deni. Usiamini maneno yaliyoandikwa juu ya ankara. Iulize rejista yenyewe:

```
whois -h whois.tznic.or.tz mfano.sc.tz
```

Soma mstari wa `registrar`, ambao ndio kampuni unayopaswa kuilipa, na mstari wa `expire`, ambao ndio tarehe ya kweli. Kisha soma `registrant`. Hapo panapaswa kuwa na shule. Ukikuta jina la fundi aliyetengeneza tovuti au la mwalimu aliyehamishwa, anza kurekebisha mapema kwa barua ya Mkuu wa Shule yenye mhuri, kwa sababu anayetambuliwa na rejista kuwa mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa hapo, hata kama fedha imetoka kwenye akaunti ya shule.

2. Anwani ya mawasiliano isiwe ndani ya kikoa chenyewe.

Akaunti ya shule kwa msajili ikiwa imefunguliwa kwa `tehama@mfano.sc.tz`, siku kikoa kitakapositishwa, barua pepe hiyo nayo inakufa, na kiungo cha kubadilisha nywila kitatumwa mahali pasipopokea chochote. Weka anwani ya nje ya kikoa inayofunguliwa na watu wawili, wewe na Makamu Mkuu wa Shule, na namba ya simu iliyosajiliwa na shule.

Nasisitiza hili kwa sababu ya shule moja ya sekondari ya bweni niliyoitwa kuisaidia. Mwalimu aliyefungua akaunti alikuwa amehamishiwa Ukerewe na laini yake ya zamani alishaiacha, hivyo namba za uthibitisho zilikuwa zinatumwa kwenye simu isiyokuwepo. Mwalimu mpya, kijana makini sana, alilipa ankara ya hosti akiamini amemaliza kila kitu. Tarehe ya kikoa ikapita, tovuti na barua pepe vikazimika pamoja, na msajili akahitaji barua ya Mkuu wa Shule na kitambulisho chake kabla ya kurudisha akaunti. Hadi hapo lilikuwa jambo la usumbufu tu, kwa kuwa rekodi zote zilikuwa bado salama kwenye seva za majina za msajili, na kikoa kingelipiwa kingerudi kama kilivyokuwa. Madhara makubwa yalitokana na hatua iliyofuata.

3. Usibadilishe seva za majina siku ya kulipa.

Kulipia hakuhitaji kugusa seva za majina hata kidogo. Mwalimu yule aliposubiri kikoa kirudi, mhudumu wa kampuni ya hosti alimshauri aelekeze seva za majina kwao ili kila kitu kikae pamoja. Alifanya hivyo jioni ile ile aliyolipa. Tovuti ilifunguka, akamjulisha Mkuu wa Shule kwamba kazi imekamilika, na kila mtu akaamini hivyo, kwa sababu tovuti ndicho kitu pekee ambacho ofisi nzima inaweza kukitazama kwa macho.

Unapohamisha seva za majina, rekodi hazihami nazo. Unakabidhi kikoa kwa seva nyingine yenye orodha yake, na orodha ya hosti huwa imejazwa yenyewe siku akaunti ilipofunguliwa: rekodi ya A inayoelekea kwenye seva yao, ya `www`, na ya MX inayoelekea kwao pia. Barua pepe za shule hii zilikuwa Google. Kwa hiyo tangu jioni ile, barua za wazazi zilikuwa zikipelekwa kwenye seva ya hosti, ambako hapakuwa na sanduku hata moja la ofisi ya taaluma wala la mhasibu.

Ingekuwa seva ile imezikataa barua hizo, wazazi wangeona ujumbe wa kurudishiwa na wangepiga simu. Lakini akaunti ya hosti ilikuwa imewekwa kupokea barua za anwani zisizojulikana na kuzihifadhi kwenye sanduku la mwenye akaunti, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua. Nilipolifungua nilikuta picha za risiti za benki, fomu za afya za wanafunzi zilizopigwa mihuri ya zahanati, na mzazi mmoja aliyeandika mara tatu akiuliza kama nafasi ya binti yake bado ipo. Wakati huo huo baadhi ya barua ziliendelea kufika Google kama kawaida, kwa sababu majibu ya zamani ya DNS yalikuwa bado yamehifadhiwa na seva za waliozituma hadi TTL yake iishe, na TTL ilikuwa 86400, yaani sekunde za siku nzima. Barua chache zilizofika ndizo zilizomfanya mwalimu aamini kwamba hakuna tatizo.

Kulirekebisha kuliwezekana kwa sababu seva za majina za zamani zilikuwa bado zinashikilia orodha ya awali, na seva ya majina ukiiuliza moja kwa moja inakujibu hata kama kikoa hakielekei kwake tena. Hapo ndipo ulipo ukaguzi ninaokuomba uufanye kabla ya kuhama, ikiwa ni lazima uhame:

```
dig @ns1.zamani.example mfano.sc.tz MX +short
dig @ns1.mpya.example   mfano.sc.tz MX +short
```

Weka majina halisi ya seva hizo mbili, kisha linganisha majibu. Rudia kwa A, AAAA, TXT na CAA, na kwa kila jina dogo unalolitumia. Yakitofautiana pasipo sababu unayoijua, usihame. Kwa shule inayotumia barua pepe za Google, MX itaonyesha `smtp.google.com`, au majina ya zamani yanayoanza na `ASPMX` na `ALT1`. Ukiona jina la hosti, umelikamata tatizo kabla halijaanza. Kwenye TXT tafuta SPF, kwani ikikosekana barua za shule zitaanza kuangukia kwenye taka za wazazi.

Tahadhari moja: `dig` hujibu ulichouliza tu, haikuorodheshei majina yote yaliyomo. Rekodi ya DKIM, kwa mfano, hukaa kwenye `google._domainkey.mfano.sc.tz`, na usipolitaja jina hilo hutajua kama lipo. Kwa hiyo ingia kwenye paneli ya DNS ya zamani, pakua orodha nzima au ipige picha ukurasa kwa ukurasa, na uihifadhi mahali ambapo mrithi wako ataikuta.

Punguza TTL hadi 300 kwenye orodha ya zamani, kisha subiri muda wa TTL ya awali uishe ndipo uhame. Kikoa kikiwa na DNSSEC, usihame kabla ya kupanga na msajili suala la `keyset`, yaani funguo za saini zilizoandikwa kwenye rejista, la sivyo majibu yatakuwa `SERVFAIL` kwa kila anayekagua saini.

Hata baada ya MX kurudishwa Google, ujumbe uliojazwa kwenye fomu ya mawasiliano ya tovuti uliendelea kupotea. Seva ya hosti ilikuwa bado inajihesabu kuwa mwenye barua za kikoa hicho, hivyo barua iliyoanzia ndani yake haikuuliza DNS kabisa. Kwenye cPanel, fungua `Email Routing` na uchague `Remote Mail Exchanger`, halafu ujaze ile fomu wewe mwenyewe na uone kama inafika.

4. Cheti cha HTTPS kina tarehe yake, na hitilafu yake huchelewa kuonekana.

Kulipia kikoa hakuongezi uhai wa cheti, wala cheti kizuri hakiongezi uhai wa kikoa. Itazame tarehe yake:

```
echo | openssl s_client -connect mfano.sc.tz:443 \
  -servername mfano.sc.tz 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -dates
```

Shule ile ilikuwa pia na ukurasa wa matokeo ya ndani kwenye seva ndogo ya kukodi, wenye cheti cha Let's Encrypt, ambacho kwa kawaida hudumu siku 90 na certbot huanza kukihuisha zikibaki 30. Uthibitisho wake ulitegemea rekodi ya CNAME yenye jina `_acme-challenge.matokeo`. Mwalimu alikuwa amenakili rekodi alizozikumbuka, na hiyo haikuwemo. Ukurasa uliendelea kufunguka bila dosari kwa wiki kadhaa huku certbot ikijaribu na kushindwa bila mtu kuona, hadi cheti kilipoisha na wazazi wakakutana na onyo la `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Kufikia hapo hakuna aliyehusisha onyo hilo na jioni ile ya seva za majina. Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha mwaka 2025, kwa hiyo usingoje taarifa kutoka kwao. Mara tu baada ya badiliko lolote la DNS, fanya jaribio hili kwenye seva:

```
certbot renew --dry-run
```

Likishindwa leo, bado una siku za kurekebisha kabla cheti cha sasa hakijaisha.

Onyo hilo likitokea kwenye kompyuta moja tu ya maabara, angalia kwanza saa ya kompyuta hiyo. Betri ya ubao mama ikichoka, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na kila cheti huonekana hakijaanza kutumika. Badilisha betri ya CR2032 na usiiguse seva.