Bomba lililoachwa na marehemu: maswali yenu kuhusu mishipa ya maji ya mimea

Mwalimu, darasani tumeandikiwa kwamba seli za zailemu, yaani mishipa ya maji ya mmea, ni mfu. Kitu kilichokufa kinafanyaje kazi? (Mwanafunzi wa biokimia, Panzi)

Kabla ya kufungua daftari, nenda nyuma ya nyumba kwenye mgomba. Chukua kikonyo cha jani bichi, kivunje kwa mikono bila kisu, kisha vitenganishe vile vipande viwili polepole sana. Katikati utaona nyuzi nyembamba zikining'inia, laini kuliko utando wa buibui. Ukisogeza vipande karibu zinalegea, ukivivuta zinanyooka. Usizichanganye na zile kamba ngumu ambazo mama zetu hufungia mizigo, hizo ni kitu kingine. Nyuzi hizi ni kuta za seli za mishipa ya maji. Kila seli ilikuwa imejiviringishia ukuta wa ndani kama springi, ikafa, na wewe sasa unaifumua springi yake.

Sasa fikiria maji yangepitaje kama seli hizo zingekuwa hai. Seli hai imejaa ute, ina kiini, ina utando unaochuja kila kinachoingia na kutoka. Kutoka mzizi hadi jani maji yangepaswa kuvuka tando maelfu na maelfu, na kila utando ungeyachelewesha. Seli iliyokufa na kusafishwa ni uwazi mtupu. Zikipangwa moja juu ya nyingine, na kuta za kati zikitobolewa, unapata bomba.

Nguvu ya kupandisha maji hawatoi marehemu hawa. Inatoka juu, kwenye jani, ambako jua linakausha maji kupitia vitundu vya jani. Kila tone linaloondoka linavuta lililo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikamana. Ni mvuto mkali kweli. Hapa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo pampu ya kunyonya, hata iwe kamilifu namna gani, haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 8 na nusu hivi. Kalitusi wa mita 30 anayapeleka hadi kileleni kila siku bila kelele. Lakini bomba linalovutwa hivyo kwa ndani hutaka kujikunja. Waliowahi kushika mpira wa kunyonya maji wa motopampu wanajua kwa nini umetiwa waya wa kuzunguka: bila waya, mpira unabanana na maji yanakatika. Ile springi ya mgomba ndiyo waya huo.

Kwa hiyo bomba linadaiwa mambo mawili tu, kuwa tupu na kutobanana. Yote mawili seli inayatimiza kabla ya kufa au kwa kule kufa kwenyewe.

Nani anaiua? Ni ugonjwa, uzee, au seli inajiua? (Mwanafunzi mwingine wa darasa hilohilo)

Inajiua, na kwa utaratibu. Tunaujua vizuri kutokana na ua moja la bustani liitwalo zinia. Mwaka 1980 Wajapani wawili, Hiroo Fukuda na Atsushi Komamine, walieleza njia ya kuchukua majani ya miche michanga ya zinia, kuyasaga kwa upole hadi seli ziachane, na kuziweka katika maji ya virutubisho pamoja na homoni mbili, oksini na sitokinini. Hizo zilikuwa seli za kijani za kawaida, zenye kazi ya kutengeneza chakula. Baada ya siku tatu hivi, nyingi zilikuwa zimegeuka seli za mishipa ya maji, kila moja ikielea peke yake chini ya hadubini. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kukaa na kutazama kifo hicho tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lisilowezekana ndani ya shina lililofunikwa na tabaka nyingine.

Walichoona wao na waliowafuata ni kwamba ujenzi unatangulia. Seli, ikiwa hai kabisa, inaweka mikanda ya selulosi upande wa ndani wa ukuta wake, kisha mikanda inaanza kukazwa kwa lignini, kile kitu kinachoufanya mti uwe mti badala ya mboga. Wakati huohuo inatengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha vitu na kuvifungia ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ulioshika karibu sehemu yote ya seli. Yaani sumu iko ndani ya nyumba, lakini iko kwenye chupa iliyozibwa.

Kisha chupa inapasuka. Utando wa vakuoli unaachia, vimeng'enya vinamwagika, na mzunguko wa ute ndani ya seli, ambao kwenye hadubini unaonekana kama mto mdogo, unasimama papo hapo. Kiini chenye DNA kinamalizika ndani ya dakika 10 hadi 20. Anayekikata ni kimeng'enya kinachohitaji zinki, walichokiita ZEN1. Mabaki mengine yanayeyuka katika saa zinazofuata. Ukuta wa mwisho wa seli, pale ambapo lignini haikuwekwa, nao unaliwa na kuacha tundu. Sehemu zenye lignini zinapona kwa sababu vimeng'enya haviwezi kuzing'ata. Ndiyo maana marehemu anaacha mifupa bila nyama.

Seli za mnyama zikifa kwa mpango, seli nyingine huja kuzila. Mmea hauna walaji wa namna hiyo, na hata wangekuwapo, kuta zingewazuia. Kila seli inajizika yenyewe.

Utajuaje kwamba huu ni mpango na si ajali? Mwaka 2005 ilionyeshwa katika mmea mdogo wa maabara, arabidopsisi, kwamba jeni moja liitwalo VND7 likiwashwa mahali lisipotakiwa, seli za kawaida zinajenga ile mikanda na kufa, kana kwamba zilizaliwa kuwa mabomba. Ujenzi na kifo vimefungwa katika amri moja. Na kuna kosa linalotufundisha zaidi. Ipo mimea ya arabidopsisi yenye hitilafu katika kutengeneza selulosi ya mikanda. Seli zake zinakufa kama kawaida, zinasafishwa kama kawaida, lakini ukikata shina lake na kulitazama kwa hadubini, mishipa haina umbo la duara, imebonyea kama kopo lililokanyagwa. Kifo kilifika nyumba ikiwa haijakamilika, na mvuto wa maji ukafanya mengine.

Mimi ni fundi mbao. Katikati ya gogo kuna moyo mwekundu mgumu na pembeni kuna mbao nyeupe. Yote ni mishipa iliyokufa, au siyo? Mbona inatofautiana hivyo? (Fundi, Kadutu)

Mishipa yote imekufa, ndiyo, fundi wangu, lakini majirani zake wanatofautiana. Katika mbao nyeupe ya pembeni, kati ya mabomba, zimo seli ndogo zilizo hai kabisa. Wengi tunazisahau tunapofundisha, mimi mwenyewe kwa miaka. Seli hizo zinatunza akiba ya wanga. Zinafanya pia jambo lililonishangaza niliposoma: zinaendelea kulikazia bomba lignini baada ya mwenyewe kufa. Katika zinia imeonyeshwa kwamba sehemu kubwa ya lignini huingia ukutani baada ya kifo, ikitoka kwa majirani walio hai. Marehemu anaacha ukuta, jirani anapiga lipu.

Jirani huyohuyo ndiye hufunga bomba lisilofaa tena. Bomba likiingia hewa, seli hai ya pembeni inaweza kujivimbisha kupitia kitundu cha ukutani na kuingia ndani kama puto, hadi njia izibwe. Kitaalamu puto hilo linaitwa tilosisi. Miaka ikipita, seli hai za katikati nazo zinakufa, lakini kabla ya hapo zinajaza kuta kwa rangi na kemikali zinazowachukiza wadudu na kuvu. Hapo ndipo moyo mwekundu unapotokea. Haupitishi maji tena, umebaki nguzo tu. Kwa hiyo mti ulioliwa katikati hadi ukawa na shimo la kupita mtoto unaweza kuendelea kutoa majani, maana maji yake yanapanda kwenye pete ya nje. Na hiyo pete, yenye wanga, ndiyo dumuzi wanaipenda. Unalijua hilo kuliko mimi.

Nauza maua. Nimeambiwa nikate mabua ndani ya maji. Ni kweli au ni imani tu? (Mama muuza maua, Ibanda)

Ni kweli, mama. Bomba lililokuwa linavutwa, ukilikata hewani linanyonya hewa mara moja, na hewa hiyo inakatisha mnyororo wa maji. Kata tena sentimita 2 au 3 ukiwa umezamisha bua ndani ya ndoo safi, utaondoa kipande chenye hewa. Hewa mara nyingi haiendi mbali, kwa kuwa kati ya bomba na bomba kuna vichujio vyembamba vinavyoruhusu maji na kuzuia puto la hewa.

Nyanya zangu zinanyauka zikiwa kijani, hata nikimwagilia. Dawa ya majani haisaidii. (Mkulima, Kabare)

Pole sana, ndugu. Jaribu hivi kabla ya kununua dawa nyingine. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, kitundike ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka pale ulipokata, ni mnyauko wa bakteria, anayeitwa Ralstonia. Nyuzi zisipotoka, na ukipasua shina ukakuta mistari ya kahawia huku majani ya chini yakiwa yalianza kuwa manjano, fikiria zaidi kuvu wa fuzari.

Bakteria huyu anaingia kupitia majeraha ya mizizi na kukaa ndani ya mabomba hayahaya tuliyoyazungumza. Ni nyumba isiyo na mwenyewe: hakuna ute hai wa kumpinga mle ndani, na maji yanampandisha bure. Anazaana na kutoa ulenda mzito unaoziba njia, ndiyo maana mmea unakufa kiu juu ya udongo uliolowa. Dawa unayopuliza kwenye majani haifiki huko. Ng'oa zilizonyauka pamoja na udongo wa mizizi, zitoe shambani, osha jembe, na usiruhusu maji ya mfereji yatoke hapo kwenda kwenye tuta jingine. Mahali hapo usirudishe nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Weka mahindi.