Mzigo haukufika: ujumbe wa samahani nilioandika baada ya kupoteza mteja mmoja

"Nilimwahidi mteja mzigo jana na haukufika. Nimwandikie nini asione nampa maneno matupu? Na niahidi nini?"

Kabla ya kuandika chochote, nenda kahesabu kilicho tayari na kilichobaki. Niliwahi kupoteza mteja kwa kuruka hatua hiyo. Kuchelewa kwa mara ya kwanza alinivumilia. Kilichomkimbiza ni tarehe ya pili, maana nilimwomba radhi haraka haraka na kumpa siku mpya niliyoitoa kichwani, bila kumuuliza fundi. Siku hiyo nayo ikapita, na baada ya hapo hata nilipomwambia ukweli hakuniamini tena.

Oda iliyonifundisha kufanya vizuri zaidi ilikuwa ya fulana 400 zenye nembo ya kudariziwa. Zilitakiwa Jumanne, shughuli ya mteja ikiwa Jumamosi. Jumatatu mashine moja ya kudarizi ikaharibika. Jumanne saa nne asubuhi nilimpigia simu, kabla hajaanza kuuliza, nikamwambia mambo mawili tu: leo mzigo hautafika, na kabla ya saa nane mchana atapata mpango kwa maandishi. Simu ni ya kumheshimu, asije akashtukia mwenyewe. Maandishi ni ya kumsaidia, kwa sababu naye ana bosi au wateja wa kuwaeleza.

Saa hizo nne nilizitumia kwenye hesabu. Fulana 260 zilikuwa tayari, 140 bado. Mashine iliyobaki ilikuwa inatoa 50 kwa siku, maana yake tungemaliza Ijumaa usiku bila nafasi ya kukosea. Nikatafuta karakana nyingine ichukue 80, nikawapa nyuzi zetu na sampuli moja, wakaniahidi Alhamisi jioni. Sisi tukabaki na 60, ambazo zingeisha Alhamisi mchana. Mtu mwenye hofu hapo angeandika "Alhamisi usiku". Mimi niliandika Ijumaa asubuhi, kwa sababu bado kulikuwa na kukagua, kupiga pasi, kufungasha na usafiri.

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

"Habari za mchana, dada. Fulana 400 tulizokuahidi leo hazitafika leo. Kosa ni letu na naomba radhi. Mashine yetu moja ya kudarizi iliharibika jana, nami nilipaswa kukujulisha jana hiyo hiyo. Najua shughuli ni Jumamosi na unatakiwa kuzigawa mapema.

Mpango ni huu: fulana 260 zitakufikia kesho Jumatano saa tatu asubuhi. Zilizobaki 140 zitafika Ijumaa saa nne asubuhi. Gharama ya safari ya pili ni yetu. Alhamisi saa kumi na mbili jioni nitakuandikia idadi iliyokamilika, iwe habari njema au mbaya.

Naomba unijibu jambo moja: katika hizo 140, ni saizi zipi unazihitaji kwanza?"

Sababu imechukua sentensi moja. Ukiandika aya nzima kuhusu mashine, mteja anasoma utetezi. Pia sikuandika "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza", kwa sababu usumbufu wake niliujua na nikautaja: kugawa fulana kabla ya Jumamosi. Swali la mwisho nalo lina kazi, kwani linampa uamuzi mdogo ulio halisi, na jibu lake lilibadilisha mpangilio wetu wa kazi.

Punguzo sikulitaja. Likija mapema linasikika kama unanunua ukimya wake, wakati yeye anachotaka ni mzigo. Tulilizungumza baada ya kukamilisha. Ila kama mkataba wenu una faini ya kuchelewa, itaje wewe mwenyewe kwenye ujumbe huo huo, asilazimike kukukumbusha.

Na kama bado hujui mzigo utafika lini, usitunge siku. Mwambie lini utajua, kwa mfano "leo saa kumi jioni fundi akishaikagua mashine", halafu saa kumi ikifika mtafute, hata kama jibu bado halijapatikana.

Kwangu, zile 260 zilifika Jumatano kama nilivyoandika, na Alhamisi jioni nikamtumia idadi. Ijumaa alfajiri, wakati wa kukagua, tukakuta sita kutoka ile karakana nyingine nembo imekaa juu kupita sampuli. Tulizitoa. Kabla gari halijaondoka nikamwandikia kwamba saa nne zinafika 134, na sita zinarudiwa, zitamfikia saa tisa alasiri. Akajibu "sawa, nimeelewa", na saa tisa kasorobo nilikuwa mlangoni kwake nazo.