Aya ya mikoko iliyonilazimisha kuchora jedwali

Insha yangu ya mapitio kuhusu mikoko ya Lamu ilirudi na swali moja la wino mwekundu: "Unalinganisha nini na nini?" Aya yenyewe ilikuwa hivi, na nilipoiandika niliiona tamu:

"Mkoko una mizizi inayojipinda kutoka shinani hadi matopeni, ilhali ile ya mchu huchomoza juu ya tope mfano wa penseli. Muia, tofauti na miti hiyo miwili, mizizi yake hujikunja kama goti. Mchu aidha hutoa chumvi majanini."

Nikazungushia duara "ilhali", "tofauti na" na "aidha", kisha nikauliza kila moja: tofauti katika nini? Mawili yalijibu mizizi, la tatu likajibu chumvi. Majibu hayo ndiyo yaliyokuwa vichwa vya safu wima, na miti ikakaa pembeni. (Mara ya kwanza niliweka vitabu pembeni badala ya miti. Nikapata muhtasari wa vitabu, basi.)

| Mti | Umbo la mizizi | Chumvi |
|---|---|---|
| Mkoko | hujipinda toka shinani | |
| Mchu | kama penseli | hutolewa majanini |
| Muia | kama goti | |

Tazama visanduku vitupu. Kwenye aya havikuonekana, maana "aidha" linapita kama jahazi lenye upepo na msomaji hapati nafasi ya kuuliza habari za miti mingine. Nikarudi kwenye vyanzo: mkoko huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Kuhusu muia, nilivyovisoma vilinyamaza, kwa hiyo nikaandika "haikutajwa". Sikuweka kistari, kwa sababu kistari husomeka "hakuna", na hilo sikuwa na ushahidi nalo.

Tatizo lililobaki aliliona ami yangu, ambaye ujanani alikuwa akipakia boriti. Nilipomsomea rasimu akanikatiza: "Mkoko upi huo, mwanangu? Maana na mchu nao watu wauita mkoko."

Nilikuwa na chanzo kinachosema mkoko hutoa chumvi majanini, nami nilikuwa nimekitengea aya nzima ya "mgongano wa wataalamu". Kumbe chanzo hicho kiliita mkoko kila mti wa matopeni, na mfano wake ulikuwa mchu! Nikaongeza safu ya jina la kisayansi: mkoko *Rhizophora mucronata*, mchu *Avicennia marina*, muia *Bruguiera gymnorrhiza*. Mgongano ukatoweka, na ile aya yangu ikaenda nao.

Aya ya mwanzo pia niliifuta, kwani hakuna haja ya kusema tena yaliyomo jedwalini. Chini ya jedwali nikaacha sentensi mbili tu, kuhusu jambo ambalo visanduku haviwezi kueleza: jinsi huko kutoa chumvi majanini kunavyousaidia mchu kustahimili sehemu zenye chumvi kali.