Wasifu wa mjumbe wa bodi: maswali yenu

"Nimeandika 'kiongozi mahiri mwenye uzoefu mkubwa', katibu wa kampuni akanirudishia. Anataka nini?"

Anataka ukubwa wa dhamana uliyobeba: watu wangapi, fedha au matawi mangapi, na uliwajibika kwa nani. Tuseme uliongoza shughuli za benki. Andika: "Kuanzia 2017 hadi 2022 alikuwa Mkurugenzi wa Shughuli, akisimamia matawi 42 na wafanyakazi 610, na kuwajibika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji." Mwenye hisa anaweza kulihakiki hilo. Neno "mahiri" halihakikiki, kwa hiyo liondoe.

"Mikopo chechefu ilishuka nilipokuwa mkuu wa mikopo. Niitaje?"

Itaje, ila kwa tahadhari. "Alipunguza mikopo chechefu kwa nusu" haisemi ilianzia wapi wala ilichukua muda gani. Weka mwanzo, mwisho na miaka yake: "kutoka asilimia 14 mwaka 2018 hadi asilimia 7.5 mwaka 2022."

Kabla ya kuituma, fungua hesabu zilizokaguliwa za miaka hiyo uone uwiano ulishuka kwa njia ipi. Chukua benki yenye mikopo ya shilingi bilioni 100, chechefu ikiwa bilioni 14. Ikifuta bilioni 7 vitabuni, zinabaki bilioni 7 kati ya 93, yaani kama asilimia 7.5, na hakuna mdaiwa hata mmoja aliyelipa. Mikopo mipya ikitolewa kwa wingi, uwiano hushuka pia, maana jumla imekua. Mchambuzi wa benki huliona hilo upesi, na hapo ndipo wasifu unapopoteza heshima. Kama madeni yalikusanywa kweli, taja kiasi kilichokusanywa. Na kwa kuwa hukufanya peke yako, "aliongoza timu iliyokusanya" ni kauli ya haki kuliko "alikusanya".

"Huu ni mwaka wangu wa kumi kwenye bodi, na kampuni imeorodheshwa Nairobi. Bado naandikwa 'mkurugenzi huru'?"

Hapana. Kanuni za utawala wa kampuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya za 2015 zinaweka ukomo wa miaka tisa kwa jumla. Unaweza kubaki kwenye bodi, lakini si kama mjumbe huru. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuhesabu kipindi cha sasa tu, badala ya kuanzia uteuzi wa kwanza. Lingine ni ripoti ya mwaka kurekebishwa huku ukurasa wa bodi ukiachwa na cheo cha zamani. Andika mwezi na mwaka wa uteuzi wa kwanza katika sentensi ya kwanza, pamoja na kamati unazokaa, na useme ni ipi unayoiongoza.

"Urefu?"

Maneno 120 hadi 180, kwa nafsi ya tatu. Shahada na uanachama wa taaluma viwekwe mwishoni, sentensi moja.